Dua Niliyoiandika kwa Penseli

Kazi yangu ilikuwa kusalimia watu. Ukiniuliza nilisomea nini, sikusomea kitu. Nilizaliwa mtaa wa Nyamirambo, hapa Kigali, nikalelewa na bibi ambaye mgeni hakupita mlangoni kwake bila kuulizwa hali ya nyumbani, ya wazee, ya watoto na ya mbuzi kama anao. Kampuni moja ya kuuza vigae na vifaa vya bafu iliniajiri mapokezi kwa ajili ya mdomo huo tu. Nilikaa pale miaka kumi na mmoja, mkataba ukiandikwa upya kila mwaka, na kila mwaka mkurugenzi aliniambia, "Mama, wewe ndiyo sura ya hii kampuni."

Sura! Ningejua ni sura ya namna gani ningejifunika.

Watu waliokuja kwenye usaili walipitia kwangu kwanza. Walikaa kwenye benchi mbele ya meza yangu, wamevaa nguo za kuazima, viatu vimepigwa rangi. Nami nikawapa chai na kuwazungumzisha ili watulie. Habari za nyumbani? Wazee hawajambo? Umeolewa, mwanangu? Mungu amekujaalia wangapi? Hakuna aliyewahi kukasirika. Kwetu hayo si maswali, ni heshima. Mtu akikuombea dua hubishani naye, unaitikia amina na mambo yanaendelea.

Mkurugenzi alikulia Uganda, Kiswahili chake alikiokota barabarani, lakini akili yake haikuwa ya kuokoteza. Mwaka wangu wa kwanza au wa pili alinijia baada ya usaili akaniuliza, "Mama, ule musichana wa kwanza, iko na bwana?" Nikamwambia ana mchumba, harusi ni mwezi wa nane. Akatikisa kichwa, akaondoka. Mara nyingine akauliza kabla ya usaili. Halafu akachoka kutoka ofisini kila mara, akanipa penseli. Mwanamke mwenye mtoto mdogo, mwenye mimba, au anayekaribia kuolewa, nichore kaduara kadogo kwenye kona ya karatasi zake kabla sijazipeleka ndani. Usaili ukiisha, yeye mwenyewe anafuta kwa ufutio.

Na wanaume? Niliwasalimia vilevile. Mwanaume akiwa na watoto watatu nilimwambia mkurugenzi kwa mdomo tu, na yeye akafurahi. "Huyo ametulia," alisema. "Mwenye familia hawezi kuchezea kazi." Watoto walewale! Kwa baba ni utulivu, kwa mama ni kaduara.

Usiniulize kama nilijua. Nilijua. Si siku ya kwanza, lakini nilijua mapema, kwa sababu mimi ndiye niliyepokea wafanyakazi wapya na sikumbuki hata mmoja aliyekuwa na kaduara. Nilijitia hamnazo. Nilijiambia mimi sikatai mtu, mimi nasalimia, wanaokataa wako ndani. Nilikuwa na wajukuu wawili wanaosoma kwa mshahara ule na sikutaka kufikiri zaidi ya hapo.

Basi akaja huyu dada kutoka mtaa wa Kimisagara.

Walikuwa wanatafuta mhasibu. Alifanya mtihani wa kuandika, akawa wa kwanza. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyebandika orodha ukutani. Siku ya usaili alifika mapema, amevaa kitenge kilichoshonwa vizuri, akasikia Kiswahili changu akacheka kwa furaha. Mama yake ni fundi cherehani, akaniambia, na nyumbani wanaongea Kiswahili hivihivi. Tukawa kama tunafahamiana. Nikamuuliza Mungu amemjaalia wangapi.

"Mmoja, mama. Binti. Ana miaka miwili na nusu."

"Mashallah. Mungu amwongezee mdogo wake, asicheze peke yake."

"Amina, mama," akasema, na kwa adabu akaongeza, "labda mwakani, akipenda."

Hayo tu. Mtu ameombewa dua, ameitikia. Kisha niligeuka, nikachora kaduara, na wallahi mkono haukusita. Nilipoingiza karatasi, mkurugenzi akaninong'oneza, "Huyu je?" Nami nikasema, "Ana mtoto mmoja, anasema labda mwakani tena." Nilisema hivyo. Mimi, na mdomo wangu.

Alikaa ndani nusu saa. Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika. Alinitazama, akanitazama tena, akaaga kwa sauti ndogo. Nikadhani ameshindwa maswali.

Baada ya wiki moja alipelekewa ujumbe kwamba amechaguliwa mwenye uzoefu zaidi. Aliyechaguliwa alikuwa kijana wa kiume aliyeshika nafasi ya nne kwenye mtihani. Yule dada aliandika barua kuomba aelezwe sababu. Mimi niliipokea, nikaigonga muhuri, nikaipeleka ndani, na ndani ikakaa bila jibu. Akaleta ya pili. Hiyo nayo nikaigonga muhuri. Aliniomba nimsainie nakala yake kuonyesha imepokelewa, nikasaini, na sikuweza kumtazama machoni.

Nilidhani ataacha. Wengi huacha. Lakini huyu alikwenda wilayani, kwenye ofisi inayowasaidia watu kwa sheria bila malipo, wakamsaidia kuandika malalamiko, akayapeleka kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya ambayo kampuni yetu imo. Mkaguzi akatuita. Katika barua ya wito aliandika kwamba anataka pia kumsikiliza mtu aliyewapokea wasailiwa. Mkurugenzi alikuja mezani kwangu na barua hiyo, akaiweka mbele yangu, akapiga kidole kwenye mstari huo mara mbili.

Siku ya kwenda alinipakia kwenye gari lake, wakili wa kampuni akiwa mbele. Sijawahi kupanda gari lile kabla ya siku hiyo wala baada yake.

"Mama," alisema, "hakuna mutu anakwambia udanganye. Sema tu ukweli. Wewe ulimusalimia."

"Ndiyo, nilimsalimia."

"Basi. Kusalimia siyo kosa."

Wakili akageuka, akaongeza kwa upole kwamba mkataba wangu unakaribia mwisho na kampuni inathamini watu waaminifu. Nikawafikiria wale wajukuu, ada zao, viatu vyao.

Ofisi ya mkaguzi ilikuwa ndogo, viti vilikuwa vya plastiki. Alikuwa mwanaume wa makamo, msema taratibu, anaandika kila kitu kwa mkono wake. Yule dada alikaa upande wa dirisha na mwanasheria wa ile ofisi ya msaada, msichana mwenye miwani. Aliposikia hatua zangu aliinuka, akanipa mkono wa heshima, "Shikamoo, mama." Alinisalimia! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mkaguzi alimpa nafasi kwanza. Alieleza bila kulia. Alisema ndani ya chumba hakuna aliyemuuliza kama ameolewa au ana mtoto, na yeye hakusema. Karatasi zake hazina neno la ndoa wala la mtoto. Halafu mkurugenzi akacheka akamuuliza, "Na mwakani ukimuletea binti yako mudogo wake, hesabu ya mwisho wa mwaka atafunga nani?"

"Alijuaje nina binti?" dada akamuuliza mkaguzi. "Alijuaje mwakani? Neno hilo nililisema mahali pamoja tu, kwa mama huyu, aliponiombea dua."

Wakili wetu akasema hakuna swali kama hilo lililoulizwa. Mhasibu mkuu na mkuu wa ghala, waliokuwa ndani siku ile, wameandika na kusaini kwamba halikuulizwa. Kisha akaongeza kwamba, hata hivyo, sheria ya kazi ya nchi hii haina orodha ya maswali yaliyokatazwa kwenye usaili, aonyeshwe kifungu.

Mkaguzi aliweka kalamu chini. Nayakumbuka maneno yake vizuri kwa sababu kila moja lilinichoma.

"Ni kweli, orodha haipo," alisema. "Kinachokatazwa ni ubaguzi, na kumnyima mtu kazi kwa sababu ni mwanamke anayezaa ni ubaguzi wa jinsia. Swali lenyewe ni alama ya njia, linatuonyesha mlikokuwa mnaelekea. Kumuuliza mtu ameolewa, ana mimba, atazaa lini, kuna uhusiano gani na hesabu? Mngetaka kujua kama ataweza kubaki mwisho wa mwaka, mngemuuliza hivyo, na mngewauliza wote. Je, wanaume mliwauliza nani atafunga hesabu mke wake akijifungua?"

Mkurugenzi akasema hawakumuuliza mtu yeyote mambo ya nyumbani. Mkaguzi akaomba karatasi za alama. Zilikuwa safi, kona zote nyeupe. Akaonyesha kwamba dada huyu ni wa kwanza kwenye mtihani, lakini sehemu iliyoandikwa "utayari wa kazi" ana alama mbili kati ya kumi. Kwa nini? "Hakuonyesha moyo," mkurugenzi akajibu.

Wakili akasimama tena. Mlalamikaji hajawahi kuwa mfanyakazi wa kampuni, hivyo hakuna mgogoro wa mwajiri na mfanyakazi hapa, mkaguzi asuluhishe nini? Mkaguzi akasema hilo wakalibishanie mahakamani wakifika huko, ila kukagua kampuni inavyoajiri ni kazi yake yeye. Akamgeukia yule dada, akamwambia wazi: hana uwezo wa kuiamuru kampuni imwajiri. Anaweza kuwapatanisha wakikubali. Wakishindwa, ataandika taarifa kwamba wameshindwa kupatana, na kwa taarifa hiyo dada ataweza kwenda mahakamani kudai fidia. Ubaguzi ni kosa la jinai pia, anaweza kwenda kwa wapelelezi, lakini huko ushahidi unatakiwa mzito zaidi. Kote huko kutategemea kitu kimoja: mtu wa kuthibitisha habari ya mtoto ilifikaje ndani ya chumba.

Akanigeukia mimi.

"Mama, ulimuuliza kama ana mtoto?"

"Nilimsalimia, mheshimiwa. Nawasalimia wote."

"Katika kusalimiana, alikwambia ana mtoto?"

Nikasema, "Watu wanasema mengi, siwezi kukumbuka yote."

"Na ulimwambia mtu yeyote?"

Yule dada alikuwa ananitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa ananitazama kwa matumaini. Aliamini kabisa kwamba mwanamke aliyemwombea mtoto wake hawezi kumtupa.

"Hapana," nikasema. "Sikumwambia mtu."

Mkaguzi akaandika. Akanisomea nilichosema, akanipa kalamu, nikasaini. Mkurugenzi akatoa pumzi ndefu. Hawakupatana. Mkaguzi akasema ataandika taarifa yake, na yule mwanasheria wa miwani akamwambia dada, nasi tukisikia, kwamba bila shahidi mahakama itabaki na neno lake dhidi ya maneno ya watu watatu waliosaini, nami nikiwa mmoja wao. Dada akakunja karatasi zake moja moja, akazitia kwenye bahasha. Alipopita karibu yangu hakunisalimia tena.

Mkataba wangu uliongezwa. Safari hii wa miaka miwili. Nakwambia, niliusaini.

Toka siku hiyo mdomo wangu ulikufa. Msailiwa akikaa kwenye benchi namsogezea chai, namwonyesha msala uliko, basi. Mkurugenzi aliuliza mara moja, "Mama, siku hizi husalimii watu?" Nikasema koo linaniuma. Siku moja akaja msichana mwenye mimba ya miezi mitano hivi, amejibana na koti zito, jua likiwaka. Akanitabasamia. Akaanza mwenyewe, "Mama, habari za nyumbani?" Nikainuka nikaenda uani, nikalia mpaka mlinzi akadhani nimefiwa. Nilimchukia mkurugenzi, lakini zaidi nilijichukia mimi, kikongwe mzima, bibi wa watu, niliyeigeuza adabu aliyonifundisha bibi yangu kuwa mtego.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa mkaguzi peke yangu. Nilisema yote: penseli, kaduara, ufutio, "labda mwakani", na yale ya ndani ya gari. Nilimwambia nilidanganya na niko tayari kusema tena mbele ya hakimu, kazi ikiondoka na iondoke. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikaripia, na ingekuwa afadhali angenikaripia.

"Nitakwenda kuikagua kampuni," alisema. "Sitataja nani amenipa habari. Lakini mama, penseli hufutika, nitakuta karatasi safi kama nilizoziona. Kesi ya yule dada ni yake. Alikuja hapa mwezi uliopita, akasema ameacha. Akitaka kwenda mahakamani, taarifa yangu anayo. Akikupata wewe kama shahidi, ana kitu cha kushika. Mwambie asikawie."

Nilitoka pale mbio. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilijisikia mtu. Namba yake ya simu ilikuwa kwenye zile barua mbili nilizozigonga muhuri. Nikampigia. Akasema amepata kazi mtaa wa Kabeza, nimkute Jumamosi mchana karibu na duka fulani, akitoka.

Nikamkuta amesimama kivulini na binti yake. Ndiyo mara ya kwanza kumwona huyo mtoto: amesukwa nywele vizuri, ameshika sketi ya mama yake, amebeba kichupa cha maji. Niliinama nikamsalimia akajificha. Nikaanza kueleza hapohapo, bila hata kukaa, maneno yakinitoka hovyohovyo. Nimekwenda kwa mkaguzi. Nimesema ukweli. Nitakuja mahakamani. Sasa una shahidi, mwanangu, tutashinda.

Hakuonyesha furaha wala hasira.

"Ungesema siku ile, mama," alisema.

"Najua. Nisamehe. Lakini bado hujachelewa, mkaguzi mwenyewe amesema."

"Yeye amesema kwa sheria." Akatazama barabarani, kisha akasema kwa sauti ya chini. "Hapa nilipo waliniuliza palepale, mezani, bila dua. Umeolewa? Una mtoto? Nilikuwa nimekataliwa mara tatu baada ya kwenu, mama. Mara tatu. Nikasema sijaolewa, sina mtoto. Nikavua pete siku hiyohiyo."

"Lakini hawana haki ya kukuuliza..."

"Najua kuliko wewe. Yule dada mwanasheria alinifundisha. Ningeweza kukataa kujibu. Ningekataa wangejua, na ningerudi nyumbani. Sasa nikienda mahakamani kusema nilinyimwa kazi kwa sababu ya binti yangu, nani atakuwa mwongo hapa Kabeza? Wewe?"

Ukweli niliokuja nao, niliojisifia njia nzima, ulikuwa hauna pa kwenda. Ningeutoa, ungemla yeye kwanza.

Akapita mwanamke mmoja amevaa fulana yenye nembo ya kampuni anakofanya kazi yule dada, akasimama, wakashikana mikono na kucheka. Mgeni akamwinamia mtoto, akamshika shavu. "Uyu muzuri hivi ni wa nani?"

"Wa dada yangu," akajibu, wala sauti yake haikuyumba. "Nakaa naye."

Nilimtazama yule mtoto. Nilidhani atashangaa, au atalia, au atasema neno moja la kitoto litakaloharibu kila kitu. Miaka mitatu na kidogo tu. Lakini alikuwa ameshafundishwa. Alivuta sketi ya mama yake kwa mkono mmoja, akainua uso, na kwa neno lilelile ambalo watoto wetu wa Kigali huwaitia dada za mama zao, akasema:

"Tantine, nimechoka. Twende nyumbani."